Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya mji wa Moshi: moshi wa alfajiri hauishii kifuani

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya usafi, afya, mazingira na usafiri,
Mji wa Moshi,
Kilimanjaro.

YAH: UCHOMAJI WA TAKA NA MABASI KUUNGURUMA ALFAJIRI, NA MADHARA YAKE KWA MOYO NA MISHIPA YA DAMU

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Jambo hili tumeliandikia barua mbili, na ya tatu tukaipeleka kwa mkono. Zote tatu zilirudi na muhuri wa kupokelewa, na hakuna kilichofuata. Tulipouliza ana kwa ana tuliambiwa kwamba wenye pumu wavae barakoa na wakae mbali na moshi. Jibu hilo ndilo limetufikisha hadharani, maana linaonyesha kwamba malalamiko yetu yameeleweka kuwa ya kifua na kikohozi. Sisi ni wauguzi na matabibu wa kliniki za presha pamoja na mafundi wa injini za dizeli, na tunachokilalamikia ni moyo.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 hewa chafu ya nje iliwaua mapema watu wapatao milioni 4.2. Kati ya vifo hivyo, asilimia 68 hivi vilitokana na ugonjwa wa mishipa ya moyo na kiharusi. Saratani ya mapafu ilikuwa asilimia 4. Kwa hiyo anayewaza kifua peke yake anapohesabu madhara ya moshi ameacha nje sehemu kubwa ya hesabu.

Kosa hili tunalielewa. Mwenye pumu akipita kwenye moshi anakohoa palepale na kila mtu anamwona. Mwenye mishipa iliyoanza kuziba hakohoi. Anakwenda nyumbani, anajisikia mzito, anasema ni gesi au baridi ya asubuhi, na jioni anaanguka. Kwenye cheti kinaandikwa kiharusi au presha. Lile rundo la taka alilopita kando yake asubuhi halitajwi popote.

Hoja zetu ni hizi.

1. Saa inayochaguliwa kuchoma ndiyo saa mbaya kuliko zote

Mji wetu unasifiwa kwa usafi na sifa hiyo ni ya haki. Wafagiaji wanaamka usiku, na kunapokucha barabara zinang'aa. Ila kilichofagiliwa mara nyingi hakiondoki. Kinakusanywa pembeni, kinawashwa, na kinafuka taratibu hadi saa mbili au saa tatu asubuhi. Majani ya miti yamelowa umande, na ndani yake mna mifuko, chupa za maji, nepi na viatu vya plastiki. Rundo la namna hiyo haliwaki kwa mwali, linafuka, na moshi wa kufuka una chembe nyingi kuliko wa moto unaowaka vizuri kwa sababu joto halitoshi kuunguza kila kitu.

Tazameni sasa mji ulipo. Usiku hewa baridi inateremka kutoka mlimani na kutulia mabondeni kama maji kwenye beseni, na hewa yenye joto kidogo inabaki juu yake kama kifuniko. Hali hii huonekana zaidi asubuhi tulivu za msimu wa baridi, mwezi wa sita na wa saba. Hakihitajiki chombo chochote kuitambua. Angalieni moshi wa rundo lolote saa kumi na mbili asubuhi: ukipanda mita chache kisha ukalala na kutandazika kama shuka, kifuniko kipo. Jua likishapasha ardhi, moshi uleule unapanda moja kwa moja na kutawanyika. Kinachochomwa alfajiri kinabaki kwenye pua za watu. Kiasi kilekile kikichomwa saa nane mchana bado ni kosa, lakini kinawafikia watu kikiwa kimepungua.

Mwili nao una ratiba yake. Mtu akiamka, homoni za kumwamsha zinapanda, presha inapanda, na chembe sahani za damu, zile zinazogandisha damu, zinanata kwa urahisi zaidi. Tangu miaka ya 1980 imejulikana kwamba mashambulio ya moyo hutokea zaidi kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa sita mchana kuliko nyakati nyingine za siku. Huo ndio wakati tunaomwongezea mgonjwa moshi.

2. Njia tatu ambazo moshi unafika kwenye moyo

Hapa tunaomba mtuvumilie, kwa sababu maamuzi yote yanategemea kulielewa hili.

Kwanza tutenganishe vumbi na moshi. Vumbi la ufagio, lile linaloonekana likicheza kwenye mwanga wa jua, kwa sehemu kubwa ni chembe nene, na pua na koo vinazinasa nyingi. Chembe zinazotusumbua ni zile zinazoandikwa PM2.5 kwenye vipimo, yaani zenye upana wa mikromita 2.5 au chini ya hapo. Unywele wa kichwani una upana wa mikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe hizi zinapita pale ambapo unywele usingepita, hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Pale ukuta kati ya hewa na damu ni mwembamba mno. Moshi wa dizeli na wa taka umejaa chembe hizi, na nyingine ni ndogo kuliko sehemu moja ya kumi ya mikromita.

Njia ya kwanza ni ya neva, na ndiyo ya haraka. Ndani ya mapafu kuna vihisio vinavyotambua kitu kinachowasha. Vikiguswa vinaupelekea ubongo taarifa, na ubongo unajibu kama mtu aliyeshtuliwa: mishipa inabana, presha inapanda, na mapigo ya moyo yanapoteza ule ulegevu wake wa kawaida wa kwenda upesi kidogo na polepole kidogo. Haya yanaanza ndani ya dakika na saa. Presha ikipanda milimita chache tu za zebaki, kijana mzima hatajua. Aliyekuwa na 160 kabla hajatoka nyumbani yuko katika hali nyingine kabisa.

Njia ya pili inapita kwenye uvimbe. Seli za ulinzi ndani ya mapafu zinazimeza chembe, zinashindwa kuzisaga, na zinatoa kemikali za kuita msaada. Kemikali hizo haziishii mapafuni. Zinaingia kwenye damu na kufika kwenye ini, ambalo linaongeza protini za kugandisha damu. Zinafika pia kwenye utando laini uliotandikwa ndani ya kila mshipa. Utando huo ukiwa mzima unatoa gesi ya oksidi ya nitriki inayoulegeza mshipa pale damu nyingi inapohitajika. Ukichokozwa unaitoa kidogo, mshipa unashindwa kutanuka, na mafuta yaliyojificha chini ya utando yanazidi kujikusanya. Ganda linaloyafunika mafuta hayo linazidi kuwa jembamba, na siku likipasuka damu inaganda juu yake. Donge hilo likiziba mshipa wa moyo ni shambulio la moyo, na likiziba wa ubongo ni kiharusi.

Njia ya tatu ni ya chembe zenyewe kuingia kwenye damu. Kwa muda mrefu jambo hili lilikuwa la kukisia. Mwaka 2017 watafiti wa Edinburgh walichapisha matokeo ya jaribio ambalo watu wenye afya walivuta chembe ndogo mno za dhahabu, metali waliyoichagua kwa kuwa mwili hauiharibu na ni rahisi kuitafuta. Ndani ya saa 24 dhahabu ilionekana kwenye damu ya wengi wao, na miezi 3 baadaye bado ilikuwepo. Kwa wagonjwa waliokuwa wakisubiri upasuaji wa mshipa wa shingoni, dhahabu ilikutwa imejikusanya ndani ya yale mabaka ya mafuta yaliyokuwa yakiziba mshipa. Maana yake, chembe hizi zinakwenda kukaa palepale penye ugonjwa.

Jaribio jingine la wataalamu wa Edinburgh, lililochapishwa mwaka 2007, linahusu stendi yetu moja kwa moja. Wanaume 20 waliowahi kupata shambulio la moyo, ambao hali yao ilikuwa imetulia, waliwekwa chumbani kwa saa moja wakiendesha baiskeli ya mazoezi na kupumzika kwa zamu. Siku moja walivuta hewa safi, na siku nyingine moshi wa dizeli uliochanganywa na hewa hadi ukafikia mikrogramu 300 za chembe kwa mita moja ya ujazo. Siku ya dizeli, kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha wazi zaidi kwamba misuli ya moyo inakosa damu. Saa 6 baadaye, uwezo wa mwili wa kutoa kemikali ya kuyeyusha damu iliyoganda ulikuwa umeshuka. Wao wenyewe hawakulalamika maumivu ya kifua. Kisha mwaka 2011 ikachapishwa kazi iliyoweka chujio la chembe kwenye ekzosi ya injini, na madhara kwa mishipa na kwa ugandaji wa damu yakapungua. Kwa hiyo mkosaji mkuu ni zile chembe. Harufu ya dizeli peke yake haielezi kilichotokea.

3. Mtu anayesimama mlangoni mwa stendi

Tuchukue mama wa mfano. Ana miaka 56, anauza chai na vitumbua karibu na mlango wa mabasi, ana presha, na dawa anameza. Anafika saa kumi na moja alfajiri na kuondoka saa tatu asubuhi, saa 4 kamili. Kwa kazi ya kusimama, kuinama na kubeba ndoo anavuta hewa lita 20 hivi kwa dakika, yaani mita za ujazo 1.2 kwa saa, mara mbili na zaidi ya aliyekaa tu.

Tuweke namba za kufanyia hesabu, na tunasisitiza kwamba ni za mfano, hatujazipima stendi. Tuseme katika saa zile 4 hewa ina mikrogramu 150 kwa mita ya ujazo, na katika saa 20 zinazobaki ina 20. Saa 4 mara 150 ni 600. Saa 20 mara 20 ni 400. Jumla ni 1,000, na ukigawanya kwa 24 unapata wastani wa 42 hivi kwa siku. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataka wastani wa siku usizidi 15, na wastani wa mwaka usizidi 5.

Kuna mambo mawili ndani ya hesabu hiyo. Saa 4 tu, moja ya sita ya siku, zimemletea zaidi ya nusu ya mzigo wote. Ukimwondolea moshi wa saa hizo, wastani wake unashuka kutoka 42 hadi 20 bila kugusa kitu kingine chochote mjini. La pili ni onyo: anayepima mchana peke yake, au anayesoma wastani wa siku bila kuangalia saa moja moja, atauona mji wenye hewa ya wastani na hatajua kamwe alfajiri kunatokea nini.

Kwa mama huyu njia zote tatu zinafanya kazi kwa pamoja. Presha ya kuamka iko juu tayari, neva zinaiongeza, mishipa inagoma kutanuka wakati anabeba ndoo, na damu iko tayari kuganda. Kuna na gesi ya sumu ya monoksidi ya kaboni, ile inayotoka kwenye ekzosi na kwenye jiko lake la mkaa, inayoshika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Moyo unadaiwa kazi zaidi huku unaletewa oksijeni kidogo. Akihisi kifua kubana, jasho jembamba, au maumivu yanayopanda kwenye taya au mkono wa kushoto, atasema ni vidonda vya tumbo, atakunywa maji ya moto na kuendelea kuuza.

4. Mabasi yanayounguruma bila kwenda

Madereva wana sababu wanayoitoa, na ni ya kweli kwa nusu. Basi lenye breki za upepo haliwezi kuondoka kabla matangi hayajajaa, na likilala usiku upepo unapungua. Lakini mfumo mzima, injini ikiwa imeongezwa mizunguko kidogo, unajaza hadi baa 7 au 8 kwa dakika chache. Basi linalohitaji nusu saa lina uvujaji kwenye mpira, kwenye kiungo au kwenye valvu, au kompresa imechoka. Kumwachia dereva aungurumishe nusu saa ni kuufunika ubovu wa breki, na tunaomba trafiki walione hili kuwa suala la usalama barabarani hata wasipojali hewa. Njia ya kugundua ni rahisi: jaza matangi, zima injini, acha breki bila kukanyaga, kisha angalia geji. Mshale ukishuka ukiwa unautazama, kuna mahali panavuja, na kwa maji ya sabuni fundi atapaona.

Hoja ya kupasha injini nayo haina uzito. Injini ya dizeli inapata joto haraka zaidi ikitembea taratibu kuliko ikiunguruma imesimama. Ikisimama muda mrefu bado ya baridi, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye nozeli, na moshi unazidi kesho yake.

Moshi mweusi una maana moja: mafuta ni mengi kuliko hewa. Kwa kawaida klina ya hewa imeziba kwa vumbi, au nozeli hazinyunyizi bali zinadondosha, au pampu ya dizeli imefunguliwa na fundi ili gari lipate nguvu mlimani. Mbili za mwanzo ni matengenezo ya kawaida. Ya tatu ni makusudi, na ndiyo tunayoiona zaidi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, na hapo mara nyingi ringi zimekwisha.

Wanaokagua kwa macho wanadanganyika, kwa sababu injini ya baridi inatoa moshi hata ikiwa nzima, na dereva mjanja anakanyaga polepole. Kipimo cha haki kinafanywa injini ikiwa na joto la kazi, gia ikiwa huru. Kwanza linakanyagwa mara mbili tatu kusafisha masizi yaliyokaa kwenye bomba, kisha pedali inakanyagwa hadi chini kwa haraka, inashikiliwa mpaka injini ifike mizunguko yake ya juu, na kuachiwa. Inarudiwa mara 3 au zaidi, mashine ya kupima weusi wa moshi ikiwa mdomoni mwa ekzosi, na kinachochukuliwa ni wastani. Basi moja halimalizi hata robo saa.

Majibu tunayoyatarajia

Tutaambiwa kwamba presha za watu wa Moshi ni za chumvi, pombe na kitimoto. Ni kweli, na kila siku tunawaambia wagonjwa wetu wapunguze. Lakini sababu hizi zinajumlishwa, hazifutani. Chumvi na mafuta vinaujenga ugonjwa kwa miaka, na moshi wa asubuhi moja unaweza kuwa ndio unaofyatua tukio lenyewe. Mgonjwa aliyeacha chumvi ana haki ya kutobanwa mishipa na rundo la taka la jirani.

Tutaambiwa kwamba jikoni kwa kuni na mkaa kuna moshi mwingi kuliko barabarani. Hili nalo ni kweli kwa nyumba nyingi, na halimpunguzii mtu kitu, maana mama yuleyule anayapata yote mawili. Tena moyo haufuati hesabu ya kawaida. Anayevuta moshi wa sigara ya mwenzake anapata sehemu ndogo sana ya kile anachopata mvutaji, lakini hatari yake ya ugonjwa wa moyo inapanda kwa asilimia 25 hadi 30. Madhara kwa moyo yanapanda kwa kasi mwanzoni, moshi ukiwa bado kidogo. Ndiyo maana kauli ya "si moshi mwingi kiasi hicho" haitutulizi.

Tutaambiwa tena habari ya barakoa. Ya kitambaa inapitisha chembe hizi katikati na pembeni. Inayozizuia ni ile ya kuchuja chembe inayobana uso pande zote, na hakuna muuza chai atakayeivaa saa 4 huku akiita wateja. Kulinda umati kwa barakoa ni kumwachia mlalamikaji mzigo wa mkosaji.

Na tutaambiwa mafuta yetu ni mabaya. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia kwenye dizeli yenye salfa kidogo, sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015. Nozeli inayodondosha haisafishwi na mafuta mazuri.

Sheria haikosekani. Tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007.

Tunachoomba

(a) Uchomaji wa taka zilizofagiliwa usimame kabisa, na mikataba ya wazoaji iseme hivyo kwa maandishi. Wafagiaji wasiadhibiwe. Wanachoma kwa sababu gari la taka halifiki, na kwa sababu mikokoteni haitoshi. Wao ndio wanaovuta moshi huo kwanza kuliko sote.

(b) Majani yatenganishwe na plastiki pale pale yanapofagiliwa, kwa viroba viwili kwa kila mfagiaji. Plastiki iende dampo. Majani yafanywe mboji karibu na masoko, ambako maganda ya ndizi na mabaki ya mboga yapo bure. Kipimo kinachofanya kazi ni ndoo 2 hadi 3 za majani makavu kwa ndoo 1 ya mabaki mabichi, kwenye chungu kisichopungua mita 1 kwa urefu, upana na kimo. Kikiwa kidogo kuliko hapo joto linakimbia na kinakaa tu bila kuoza. Unyevu unapimwa kwa mkono: ukikamua konzi, yatoke matone machache. Kigeuzwe kila wiki mwanzoni. Kikinuka yai bovu kimekosa hewa, kwa hiyo kigeuzwe na kuongezewa majani makavu. Kikiwa kimepoa na hakina dalili ya kuoza, kimekosa maji au mabaki mabichi. Miezi 3 au 4 inatosha kupata mboji ya kuuzwa kwa wenye vitalu vya migomba na maua.

(c) Stendi iwe na kikomo cha dakika 5 za kuunguruma, kiandikwe ukutani na kisimamiwe na mtu mwenye saa na daftari. Basi lisilojaza upepo ndani ya muda huo lisiruhusiwe kubeba abiria mpaka breki zitengenezwe.

(d) Mashine moja ya kupimia weusi wa moshi inunuliwe, mabasi na malori yapimwe kwa utaratibu tulioueleza, na atakayeshindwa apewe siku 14 za matengenezo kabla ya faini. Mafundi miongoni mwetu wako tayari kuwafundisha wapimaji bila malipo.

(e) Vihisio vinne vya PM2.5 viwekwe: stendi, sokoni, kando ya barabara kuu ya Arusha na Himo, na kimoja kwenye mtaa tulivu wa kulinganishia. Vikae kimo cha pua ya mtu, mita 1.5 hadi 2, mbali na majiko ya chipsi na mishikaki. Kabla ya kutawanywa vikae vyote pamoja mahali pamoja kwa wiki nzima. Kinachosoma tofauti na wenzake kirekebishwe au kirudishwe. Vihisio vya bei nafuu vinavyotumia mwanga huhesabu matone ya ukungu kuwa chembe, kwa hiyo unyevu wa hewa uandikwe pamoja na kila kipimo, na namba za asubuhi za ukungu mzito zisahihishwe kabla ya kutangazwa. Matokeo yabandikwe kwa kila saa, si kwa wastani wa siku.

(f) Kliniki za presha ziulize maswali mawili kila hudhurio: unafanya kazi wapi alfajiri, na unapikia nini. Majibu yaandikwe kwenye kadi. Tunataka ndani ya mwaka mmoja tuweze kusema ni wagonjwa wangapi wenye presha isiyoshuka kwa dawa wanaoshinda stendi na barabarani.

Hatuombi yote kwa siku moja. Ombi (a) na ombi (c) hayahitaji fedha za kusubiri bajeti mpya, na tunaomba yaanze ndani ya siku 30 tangu barua hii itangazwe. Kwa mengine tunaomba kikao, na majibu ya maandishi yanayotaja kila ombi kwa herufi yake: limekubaliwa, limekataliwa kwa sababu gani, au litaanza lini. Tutafika kikaoni na ramani ya marundo tunayoyaona yakifuka kila asubuhi kuanzia Majengo hadi Kiboriloni, pamoja na saa yanapowashwa.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Wauguzi na matabibu wa kliniki za presha, pamoja na mafundi dizeli,
Moshi.